Urefu wa kichwa cha makala sio ugonjwa: jinsi nilivyokibadilisha changu

"Mhariri amenirudishia makala mara mbili. Mara ya kwanza alisema kichwa ni kirefu na hakieleweki. Nimekipunguza hadi maneno sita, sasa anasema hakimwambii msomaji nimefanya nini wala nimepata nini. Nifanyeje bila kugeuza kichwa kuwa aya nzima? Nipo Mbale, naandikia jarida la Kiswahili."

Ndugu yangu, yaliyokupata yalinipata mimi hatua kwa hatua, kwa hiyo nitakueleza kwa makala yangu mwenyewe. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Masaka. Makala yangu ya kwanza niliituma na kichwa hiki:

"Uchunguzi wa Baadhi ya Changamoto Mbalimbali Zinazowakabili Wanafunzi wa Shule za Sekondari Nchini Uganda katika Kujifunza na Kuandika Lugha ya Kiswahili kama Lugha ya Kigeni na Mapendekezo ya Namna ya Kuzitatua"

Hesabu, ni maneno 31. Iliporudi nikafanya kama ulivyofanya wewe, nikashika mkasi. Nikabaki na "Changamoto za Kuandika Kiswahili Nchini Uganda". Ikarudi tena. Nilikasirika, maana niliona nimetii. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba mhariri alitaja urefu kwa kuwa ndio unaoonekana haraka, lakini kilichomsumbua ni utupu. Kichwa changu cha pili kilikuwa kifupi na tupu vilevile.

Utupu una kipimo chake. Chukua kichwa chako, toa "Kuandika Kiswahili" weka "Kujifunza Hisabati", toa "Uganda" weka "Burundi". Kikisimama vizuri tu, basi hakijasema lolote kuhusu makala yako. "Changamoto za kujifunza Hisabati Burundi" ni kichwa kizuri kabisa kwa makala ambayo sikuiandika. Maneno yaliyonidanganya ni haya tunayoyapenda sisi waandishi wa Kiswahili: uchunguzi, baadhi, mbalimbali, changamoto, nafasi, mchango, mapendekezo. Yana sauti ya kitaaluma ila hayashiki kitu. "Changamoto" yangu ilikuwa ipi? Uhaba wa vitabu? Walimu wachache? Mimi sikugusa hata kimoja kati ya hivyo.

Mwenzangu mmoja tunayefundisha naye nilimpa kichwa kile kirefu peke yake, bila makala, tukinywa chai. Nikamuuliza, "Unadhani nilifanya nini?" Akajibu bila kusita: "Ulizunguka shuleni na hojaji, ukawauliza walimu kama vitabu vinatosha." Sikuwa na hojaji wala sikumuuliza mwalimu yeyote.

Nilichofanya ni hiki. Nilikusanya insha za wanafunzi wa kidato cha pili, nikapigia mstari kila neno lililokosewa kwa kubadilishana l na r, nikaangalia herufi iliyotangulia kosa. Unajua mwenyewe tunavyoona madaftarini: kalibu badala ya karibu, balua badala ya barua, lafiki badala ya rafiki. Halafu upande wa pili, kirima badala ya kilima, mbere badala ya mbele. Wengi husema watoto wanachanganya ovyo. Hawachanganyi ovyo. Luganda ina kanuni ya tahajia: baada ya i na e huandikwa r, na kwingineko l. Pitia tena mifano hiyo uone. Katika "kirima" herufi imetanguliwa na i, ikawa r. Katika "kalibu" imetanguliwa na a, ikawa l. Mtoto mmoja aliandika habari za uchaguzi, "watu walienda kupiga kula", maana imetanguliwa na u. Mtoto anaandika Kiswahili kwa kanuni sahihi ya nyumbani kwao.

Sasa pima umbali kati ya aya hiyo na kichwa changu cha maneno 31. Hakuna l, hakuna r, hakuna Luganda, hakuna insha. Mwalimu wa Mukono au Jinja anayetafuta jambo hili mtandaoni angeandika "Luganda tahajia Kiswahili" na makala yangu isingemtokea.

Kwa hiyo hatua niliyoichukua, na ninayokuomba uichukue, si kupunguza kichwa cha zamani. Kiweke pembeni kabisa. Chukua karatasi uandike sentensi moja kama unamwambia mwenzako kwa mdomo: nilisoma nini, nikakifanyia nini, nikaona nini. Yangu ilitoka hivi: "Nilisoma insha za Kiswahili za wanafunzi wa Masaka, nikachanganua makosa ya l na r, nikaona makosa hayo yanafuata kanuni ya Luganda." Hiyo ndiyo malighafi. Mada ni makosa ya tahajia ya l na r, mbinu ni uchanganuzi wa makosa kwenye insha, na matokeo ni kwamba yanafuata kanuni. Kazi iliyobaki ni kupanga.

Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, tatizo haliko kwenye kichwa. Mimi ilinisumbua kwa sababu makala ilikuwa na sehemu nzima ya mapendekezo kuhusu vitabu na mafunzo ya walimu, ambayo haikutoka kwenye insha hata kidogo. Niliifuta. Nilifuta na "lugha ya kigeni", kwani Katiba yetu tangu marekebisho ya 2005 inaitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Kuiita ya kigeni kwenye kichwa ni kufungua ubishi ambao makala yenyewe haiujibu.

Katika kupanga nilikosea mara moja, na kosa hili nataka ulijue kwa sababu linakuja hasa pale unapotaka kuonyesha matokeo. Niliandika: "Luganda Yasababisha Makosa ya Tahajia ya Kiswahili Nchini Uganda". Kifupi, kina nguvu, na kinadai nisichokuwa nacho. Msomaji mmoja aliyenisaidia alizungushia maneno mawili. La kwanza "Nchini Uganda": insha zote zilitoka shule moja ya Masaka, na nchi hii ina lugha nyingi ambazo hazina kanuni hiyo. La pili "Yasababisha": kusoma insha kunakuonyesha mpangilio wa makosa, hakukuonyeshi kilicho kichwani mwa mtoto. Ningeweza kusema makosa yanafuata kanuni ya Luganda, kwa kuwa hilo nililihesabu, yanayofuata na yanayokwenda kinyume. Kitenzi cha kichwa kisizidi kile ambacho mbinu inaweza kukibeba. Yafuata, yahusiana, yatofautiana ni vitenzi vya mtu aliyehesabu au kulinganisha. Yasababisha, yaboresha, yapunguza vinahitaji jaribio lenye kundi la kulinganisha.

Akaniuliza na swali lililoniokoa: je, wote ni wasemaji wa Luganda? Hawakuwa wote. Kulikuwa na watoto wa Kinyankole, na lugha yao haitumii l katika maneno yake ya asili, kwa hiyo makosa yao yalielekea upande mmoja, chakura, kurara. Nilizitenga insha zao, zikabaki 60, na hapo ndipo kichwa kikakaa:

"Makosa ya tahajia ya l na r kwa wasemaji wa Luganda yafuata kanuni ya lugha yao: uchanganuzi wa insha 60 za Kiswahili, Masaka"

Hesabu tena, ni maneno 23. Nimepunguza manane tu. Na kati ya hayo 23, manane ni ya, na, kwa, wa, za, ambayo Kiswahili hakiwezi kuunganisha nomino bila hayo. Ndiyo maana siwashauri watu wafuate kikomo cha maneno cha majarida ya lugha nyingine. Ukibanwa sana na hesabu utaanza kukata viunganishi na kichwa kitasomeka kama tangazo la gazeti. Hesabu maneno yenye maana, kisha uliza kila moja linamwambia msomaji nini. Yangu yamebaki 15, na sioni la kutoa.

Nukta pacha nayo ina kazi yake. Kabla yake nimeweka mada na matokeo, yaani kile msomaji anachokuja kukitafuta. Baada yake nimeweka mbinu, ukubwa wa data na mahali, yaani kile kinachomwambia aamini kiasi gani. Insha 60 za shule moja si nyingi, na ni haki yake ajue kabla hajafungua. Na neno "tahajia" usilione la ziada. Herufi l na r peke yake ni vigumu kuzitafuta, lakini tahajia, Luganda na insha ni maneno ambayo mtu anayaandika kweli anapotafuta.

Wahariri wengine hawataki kichwa chenye kitenzi. Ukikutana na wa namna hiyo usibishane, geuza kitenzi kuwa nomino: "Kanuni ya Luganda katika makosa ya tahajia ya l na r: uchanganuzi wa insha 60 za Kiswahili, Masaka". Matokeo bado yanaonekana, ila kwa sauti ya chini.

Na kuna makala ambazo matokeo hayafai kukaa juu kabisa, yaani zile ambazo majibu yake yanahitaji tarakimu na masharti kuelezwa kwa haki. Tazama makala maarufu ya Rakai iliyotoka kwenye jarida la The Lancet 2007. Kwa Kiswahili kichwa chake ni kama "Tohara ya wanaume kwa kuzuia VVU kwa wanaume wa Rakai, Uganda: jaribio la nasibu". Mada ipo, mahali papo, mbinu ipo. Kwamba maambukizi yalipungua kwa takriban nusu, hilo limeachiwa ikisiri. Lakini mbinu haikuachwa, na haikuwa hiari ya mwandishi tu. Mwongozo wa CONSORT, ambao majarida mengi ya tiba huufuata, unataka jaribio la nasibu litambulishwe hivyo kwenye kichwa. Kwa hiyo ukilazimika kuacha kimoja kati ya vitatu, acha matokeo. Mada na mbinu usiziache.

Kwako wewe, lete hapa ile sentensi ya mdomo, si kichwa. Ukishaiandika, mpe mtu asiyesoma makala yako kichwa kipya peke yake, umuulize ulifanya nini na ulipata nini. Mimi nilimrudia yuleyule mwenzangu wa chai. Alisoma mara moja, akanyamaza, akavuta rundo la madaftari lililokuwa mbele yake, akafungua la kwanza na kuanza kutafuta. Ukurasa wa pili akaweka kidole kwenye "kirima", akaniambia, "Huyu hapa. Imetanguliwa na i."