Kadi ya mama: "Majengo" peke yake haitoshi

Msomaji wa Kilifi ameniletea picha ya kadi aliyomtengenezea mama yake aibebe safarini, imsaidie akipotea. Mama ana miaka 78, kumbukumbu imeanza kuyumba, na ameshikilia kwenda peke yake kumtazama binti yake Likoni. Swali lake lilikuwa fupi: iko sawa?

Haiko sawa. Kadi ina jina la kitambulisho, namba ya kitambulisho, sanduku la posta la Kilifi, neno "Majengo" na namba moja ya simu. Namba hiyo ni ya mama mwenyewe. Simu ikipotea pamoja naye, au ikilia ndani ya mkoba wake huku yeye kachanganyikiwa, aliyemkuta atampigia nani?

Tuanze na anwani, maana ndipo wengi huteleza. Sanduku la posta ni mahali pa kuchukulia barua, si mahali mtu anapolala, kwa hiyo lifute. Nalo "Majengo" ukilitaja Mombasa, konda na dereva wa tuktuk watakupeleka Majengo ya kisiwani. Binti yuko Majengo Mapya, ng'ambo, Likoni. Msamaria mwema atamchukua mama feri, amrudishe mjini, na kila hatua amzidishie umbali kwa nia njema kabisa.

Kadi iandikwe kama unavyomwelekeza mgeni kwa mdomo, kuanzia pakubwa kwenda padogo: upande wa maji, mtaa, stegi ya kushukia, alama, kisha nyumba ya kwa nani. Upande wa maji uje kwanza kwa sababu ndilo kosa la gharama kubwa zaidi. Alama iwe kitu kisichohama: msikiti, kanisa, shule, kisima. Kibanda cha M-Pesa hubadilisha mwenyewe, na ukuta wa kijani mwakani ni wa buluu. Mitaani kwetu nyumba nyingi hazina namba, lakini zina mwenyewe, na jirani akiulizwa "kwa Mzee Fulani" hunyoosha kidole. Kwa huyu mama, upande wa nyuma wa kadi ungesomeka hivi:

"Naenda LIKONI, ng'ambo ya feri. Mtaa: Majengo Mapya. Nishushwe stegi ya Majengo Mapya. Njia ya kando ya msikiti, nyumba ya tatu kushoto, kwa Mzee Fulani."

Upande wa mbele ni wa simu, kwa sababu anayemkuta mtu amepotea kwanza hutafuta wa kumpigia:

"Naitwa Bi Fulani. Majirani huniita Mama Fulani. Nikionekana nimepotea, tafadhali mpigie binti yangu (namba). Asipopatikana, mpigie mwanangu (namba)."

Hayo majina mawili si mapambo. Mtaani wanamjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na la kitambulisho huenda hawajawahi kulisikia. Maneno yawe ya mama mwenyewe, "naitwa", "mpigie binti yangu". Mzee akiona kadi inamsema kama mzigo, "mgonjwa huyu arudishwe", ataitoa mfukoni ukigeuza kisogo, na mimi simlaumu.

Namba ziwe mbili, za watu wasiokaa nyumba moja, na ikiwezekana za mitandao miwili. Wa kwanza ni anayempokea, si aliyemsindikiza, kwa sababu binti wa Likoni anaweza kufika feri kwa dakika chache na kaka yake yuko Kilifi. Wote wawili wakubaliane kwamba siku hiyo namba ngeni inapokelewa. Na ukija ujumbe wa kuomba upigiwe, wapige mara moja, maana aliyemwokota mama huenda hana salio. Tarakimu kumi zikatwe nne, tatu, tatu. Zikiandikwa mfululizo, msomaji wa jioni huruka moja.

Namba ya kitambulisho itoke. Pamoja na jina na namba ya simu, ndiyo matapeli wa laini wanayoitafuta. Mwaka wa kuzaliwa pia usiuweke, na kabisa usiandike kwamba anaishi peke yake. Cha afya kiandikwe kile tu ambacho mtu wa njiani anaweza kukifanyia kazi. "Sisikii vizuri, sema kwa sauti" kinafaa. Kama anatumia dawa za kisukari zinazoweza kushusha sukari: "Nikitetemeka na kutoka jasho, nipe soda yenye sukari kama naweza kumeza." Orodha ya vidonge mwachie daktari.

Kadi iwe na ukubwa wa kitambulisho, yaani sentimita 8.6 kwa 5.4. Kwa herufi za ukubwa wa 14 hapo huingia mistari kama saba kila upande, na ukibanwa, punguza maneno, usipunguze herufi. Sasa joto letu. Printa ya wino wa maji huvuja kwa jasho, na kalamu ya jeli vilevile. Chapisha kwa mashine ya leza, au andika kwa bolpeni na utoe kopi, kwa sababu unga wa mashine hizo huyeyushwa ukashikana na karatasi. Halafu ilamineti. Mwambie kijana wa saiba aache ukingo wa plastiki mtupu wa milimita tatu au nne kuzunguka karatasi. Wengi hukata sawasawa na karatasi ili ipendeze, na jasho huingia palepale, kadi ikafunguka kama sambusa mbovu. Pembe zikatwe mviringo, zisichome nguo.

Kuibeba. Akina mama wengi wa makamo haya hufunga nauli kwenye pindo la kanga, na kadi hii haiingii kwenye fundo. Basi mtengenezee na kipande kidogo, sentimita 6 kwa 3, chenye jina, "mpigie binti yangu" na namba mbili tu, kifungwe pamoja na nauli. Faida yake ni kwamba fundo hufunguliwa mbele ya konda, na konda ndiye mtu wa kwanza anayeweza kumsaidia. Ile kubwa ikae mfuko wa ndani wa gauni. Isining'inie shingoni, kila mpita njia ataisoma, na si kila mmoja ni wa kheri.

Kabla ya safari, mpe kadi kijana wa bodaboda asiyeijua nyumba, mwambie akueleze atapitaje. Anapositasita, hapo ndipo pa kurekebisha. Kisha apige zile namba kwa simu yake, sio yako. Laini iliyolala muda mrefu hufungwa, na namba huja kupewa mtu mwingine.

Kadi haimwiti mtu. Mama asiyejua kwamba amepotea hatamwonyesha yeyote, na hilo hutokea hasa feri, pale umati wa waendao kwa miguu unaposukumana kushuka naye akabebwa hadi kwenye matatu za Ukunda. Kwa safari hii binti amngojee upande wa mjini, kabla ya kuvuka, na aliyempandisha gari Kilifi amtumie namba ya usajili wa matatu na simu ya konda.

Na kurudi? Kadi ya kwenda ikibaki mfukoni, atakayemkuta Mtwapa atamrudisha Likoni. Tengeneza ya pili, ya Kilifi, namba ya kaka ikiwa ya kwanza, na umpelekee binti mapema. Asubuhi ya kuondoka binti aitoe ya zamani kwa mkono wake mwenyewe, na kile cha kwenye pindo pia.