Maswali na majibu: Klarineti inasoma A, vayolini G, na wote wanapiga sauti moja

Mwalimu, nimepewa ukurasa wa kwanza wa Simfoni ya Tano ya Beethoven niuchambue. Vayolini zimeandikiwa G G G kisha E flati. Klarineti zinaanza nazo papo hapo lakini zimeandikiwa A A A kisha F. Kwenye rekodi sisikii mgongano wowote. Nani amekosea? (Mwanafunzi, Kahawa)

Hakuna aliyekosea. Tazama pembeni kushoto, palipoandikwa *Clarinetti in B*. Hiyo B ni ya Kijerumani, na kwa Wajerumani B maana yake ni B flati. B yetu ya kawaida wao huiita H. Maneno hayo yanakwambia hivi: mpigaji akiona C na kuipiga, wewe unasikia B flati. Kwa hiyo kila noti ya klarineti hiyo inashuka toni moja kabla ya kukufikia sikioni. A inakuwa G, F inakuwa E flati, na umerudi palepale zilipo vayolini.

Angalia na alama za ufunguo. Vayolini zina flati tatu kwa sababu muziki uko C maina. Klarineti ina flati moja tu, ambayo ni ya D maina, toni moja juu. Wanafunzi wengi hujua kwamba wahamishe toni moja, ila wanapanda badala ya kushuka. Ukipanda, A inakuwa B, nayo ikikaa juu ya G ya vayolini utaandika kodi ambayo haimo kabisa kwenye muziki huo. Ukiona kodi ngeni mahali ambapo ala zote zinapiga mdundo mmoja, rudi kwanza ukague mwelekeo wa kuhamisha.

Mimi napiga koneti kwenye bendi ya Jeshi la Wokovu. C yangu ni B flati ya kinanda, nimezoea tangu utotoni. Lakini kwa nini wasituandikie tu sauti inayosikika? (Msomaji, Kibera)

Kwa ajili ya vidole vyako, ndugu. Kwenye bendi yako, leo unapiga koneti ya B flati, na kesho mwenzako wa horni ndogo ya E flati akiugua unaweza kukaa kitini pake. Ukiona C bado huminyi vali yoyote. Ukiona D ya chini bado unaminya ya kwanza na ya tatu. Noti iliyoandikwa inakuelekeza vidole, na ala yenyewe inajua sauti itakayotoka. Klarineti za okestra zinafuata busara hiyohiyo: mpigaji ana ya B flati na ya A, anachagua ile inayompunguzia shapu na flati, na vidole havibadiliki. Anayebeba mzigo wa kuhamisha ni msomaji wa skoa.

Kwenye skoa hiyohiyo nimeona *Corni in Es*, na horni hazina flati hata moja ilhali wengine wana tatu. Baa ya 59 zinapiga peke yake G G G C D G. Nizielewe vipi? (Mwanakwaya, Umoja)

Wewe uliyekulia kwenye kwaya una nafasi nzuri kuliko mpiga kinanda. Umeimba kwa tonik solfa, na unajua kwamba "do" haina makao ya kudumu: mwalimu wa kwaya akisema do ni E flati, basi yote yanapangwa kuanzia hapo. Horni ya zamani iliandikwa kwa mtindo huohuo. *Es* ni E flati, na C iliyoandikwa ndiyo do yake. Sasa soma baa ya 59 kama mwanakwaya: so so so, do, re, so ya chini. Weka do kwenye E flati nawe utapata B flati mara tatu, E flati, F, na B flati ya chini. Hapo ndipo Beethoven anapoondoka C maina kuingia E flati meja, na horni ndiyo inayofungua mlango.

Ukitaka kuisoma haraka bila solfa, jifanye unaona klefu ya besi badala ya trebo, kisha weka flati tatu. Nafasi ya tatu, iliyokuwa C, sasa inasomeka E flati. Mstari wa pili, uliokuwa G, unasomeka B flati. Majina yatatoka sawa, ila sauti halisi iko oktava moja juu ya hiyo klefu ya besi. Ukitafuta jina la kodi, oktava haikusumbui. Ukitafuta noti ipi iko chini kabisa, inakusumbua sana. Kumbuka basi kwamba horni ya Es husikika chini ya ilivyoandikwa, kwa umbali wa siksi meja.

Baa ya 303 wito uleule wa horni wa baa ya 59 unarudi, lakini umepewa basuni. Je, nieleze kwamba Beethoven alitaka rangi tofauti? (Mwanafunzi, Ngara)

Kabla ya kuandika neno rangi, fanya hesabu ya horni. Safari hii muziki uko C meja, kwa hiyo wito unaosikika ni G G G, C, D, G. Basuni husikika kama ilivyoandikwa, ndiyo maana unausoma moja kwa moja. Sasa ziandikie horni za Es wito huo: E E E, A, B, E. Kwa solfa ni mi mi mi, la, ti, mi.

Simfoni hii ilipigwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 22 Desemba 1808. Vali za horni zilipata hataza mwaka 1818. Horni ya 1808 ilikuwa bomba tupu, na katika eneo hilo la sauti bomba hutoa kwa uwazi so, do, re, mi na so ya juu. La na ti hazimo. Mpigaji aliweza kuzilazimisha kwa kuziba mdomo wa horni kwa mkono, lakini sauti ingetoka imefifia, na wito huu unapigwa kwa nguvu.

Kwa hiyo andika kwanza kwamba horni zilizokuwa na bomba la E flati zisingeweza kuutoa wito huu kwa sauti wazi. Ndiyo maana leo waongozaji wengine huwarudishia horni baa hiyo, kwa sababu wapigaji wao wana vali. Mimi nazipenda basuni pale, lakini hayo ni mapenzi yangu na hayatoshi kuwa hoja ya uchambuzi.

Kila skoa iko hivi? (Msomaji, Ruaka)

Hapana. Prokofiev, kwa mfano, aliandika skoa zake kwa sauti inayosikika. Dalili ni alama za ufunguo: zikiwa sawa kwa klarineti na vayolini, usihamishe kitu kabla hujalinganisha sehemu moja ambapo ala hizo mbili zinapiga wimbo mmoja. Hata hapo, besi kubwa kwa kawaida bado husikika oktava moja chini ya ilivyoandikwa, na pikolo oktava moja juu.