Jina la bendi lipigiwe kelele kwanza

Wanafunzi wakianzisha bendi chuoni, majina mawili huja haraka: herufi za mwanzo za wanabendi, au jina la bweni. Sisi tulikuwa watano pale Mlimani na tukayakataa yote mawili. Mwaka wa mwisho ukiisha mmoja anapangiwa kazi mkoani, mwingine anaoa, na zile herufi zinabaki za watu wasiokuwepo. Waliotutangulia yaliwakuta. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilibeba jina la chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika bendi nayo ikabadilika: JUWATA, kisha OTTU. Lililodumu ni Msondo, jina la mtindo wao, ambalo mashabiki walikuwa wakilitamka siku zote.

Msondo, Sikinde. Yaseme kwa sauti. Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno linaishia kwa irabu, kwa hiyo ukumbi mzima unaweza kulivuta. Ndiyo maana jina tulilijaribu kwa mdomo kabla ya karatasi: mmoja anakwenda mwisho wa uwanja, mwingine analitangaza kama emsii. Linalohitaji kurudiwa, tunaliacha.

Mazoezi tulifanyia jirani na jengo lisilokwisha, na jioni tulikalia lundo la kokoto lililoshinda juani, bado lina joto. Mpiga besi akasema, "Si tujiite Kokoto?" Kwa mdomo lilifaa kabisa, k na t zinagonga kama ngoma. Mtandaoni likatuletea wauza mchanga na matofali. Neno moja la kawaida halikupi nafasi. Hata Sauti Sol walianza wakiitwa Sauti tu, kisha wakaongeza Sol, jua kwa Kihispania. Tukajaribu Kokoto Tano, lakini idadi ya watu nayo ni mtego uleule wa herufi. Kokoto Lami lilianguka kwenye simu: tulimpigia rafiki, tukamtamkia mara moja, tukamwomba aliandike. Akaandika "Rami". Jina lenye l na r, au dh na z, jaribu hivyo kabla hujalipenda.

Kokoto Moto likapita. Aliandika sawasawa, na tulipolitafuta ndani ya alama za kunukuu hatukukuta bendi wala msanii. Maana yake iko wazi, na asiyejua habari ya lundo letu hapungukiwi kitu.

Upekee huu si fahari tu. Kwenye Spotify, wimbo wako unaweza kuangukia ukurasa wa msanii mwingine mwenye jina kama lako, na kuuhamisha ni barua pepe juu ya barua pepe. Kwa hiyo tafuta jina huko, YouTube na Boomplay, halafu kwenye mfumo wa BRELA kama mnataka kulisajili kibiashara. Likiwa huru, fungueni akaunti zote usiku huohuo kwa tahajia moja, ndipo mtangaze kwenye grupu la darasa.