Kuvuta picha ya 4:3 kwenye Counter-Strike 2 hadi ijaze kioo

Kwenye Counter-Strike 2 natumia rezolusheni ya 1280x960 iliyovutwa, na sina mpango wa kuiacha. Ila kila ninapomwekea mtu mwingine, namweleza kwanza anapata nini na anapoteza nini, maana wengi huja wakiamini kwamba adui akionekana mnene basi kumpiga kunakuwa rahisi.

Chukua kichwa cha adui aliye mbali, ambacho kwenye 1920x1080 kina upana wa pikseli 12 na urefu wa pikseli 12. Hamia 1280x960, vuta picha ijaze kioo kilekile: urefu unabaki 12, upana unafika 16. Ni ongezeko la theluthi moja, na jicho linakikamata mapema. Lakini gemu yenyewe haijakinenepesha. Umbali ambao mkono unausogeza mausi kutoka shavu moja hadi la pili ni uleule, na adui anayekatiza mbele yako anaonekana kukimbia haraka zaidi, kwa theluthi hiyohiyo. Faida iko machoni, mkono haukupunguziwa kazi. Ndiyo maana nashauri kasi ya mausi uiache ilivyo. Kugeuka mzunguko mzima bado kunahitaji sentimita zilezile, na hisia ya kwamba mausi imechangamka kupita kiasi huisha ukishazoea.

Unachopoteza ni pembeni. Kwa 16:9 unaona takriban nyuzi 106 kutoka kushoto hadi kulia, kwa 4:3 unabaki na 90. Nyuzi 8 kila upande zimekatwa, na adui aliyesimama humo mwenzako anayetumia 16:9 anamwona, wewe humwoni kabisa. Mimi nikilinda sehemu yenye njia mbili hurudi nyuma hatua kadhaa mpaka milango yote miwili iingie kwenye picha. Kama pale hakuna nafasi ya kurudi nyuma, nachagua njia moja na kumwambia mwenzangu ashike nyingine.

Fremu nazo hupanda, kwa sababu pikseli za kuchorwa ni kama asilimia 59 tu ya zile za 1920x1080. Hapo ni iwapo kadi ya grafiki ndiyo iliyokuwa imelemewa. Kama prosesa ndiyo inayokwama, utapata picha yenye ukungu kidogo na fremu zilezile. Andika hii kwenye konsoli, kisha linganisha kabla na baada:

```
cl_showfps 1
```

Sasa tuiweke. Ndani ya gemu, sehemu ya Video, chagua Fullscreen, kisha Normal 4:3, kisha 1280x960. Ukiacha Fullscreen Windowed, gemu itafuata rezolusheni ya Windows na hakuna kitakachovutika. Baadaye fungua NVIDIA Control Panel, ingia Adjust desktop size and position, chagua Full-screen, na kwenye Perform scaling on weka GPU. Weka tiki pia kwenye Override the scaling mode set by games and programs. Kwa kadi za AMD, washa GPU Scaling halafu Scaling Mode iwe Full panel. Ukiona mistari myeusi kushoto na kulia, ujue bado iko kwenye hali ya kulinda uwiano wa picha, au monita ndiyo inayofanya kazi hiyo kwa mpangilio wake.

Wenye laptopu ndio wanaonitafuta zaidi. Wanafungua NVIDIA Control Panel na sehemu nzima ya Display haipo. Draiva haijaharibika. Kwenye laptopu nyingi kioo kimeunganishwa na grafiki ya ndani ya prosesa, kadi ya NVIDIA inachora tu na kuipitishia picha, kwa hiyo mamlaka ya kuvuta yako kwenye programu ya Intel au AMD. Kwa Intel, mara nyingi chaguo la Scale halijitokezi mpaka uishushe Windows yenyewe hadi 1280x960. Ishushe, chagua Stretched, kisha rudisha rezolusheni yako.

Ukimaliza, kabla hujaingia mechi, angalia Refresh Rate kwenye mipangilio ya Video. Monita ya 144 Hz inaweza kushuka hadi 60 kwenye rezolusheni mpya bila kukupa taarifa yoyote. Dalili yake ni kwamba hesabu ya fremu iko juu, lakini ukizungusha mausi picha inakatakata. Kama 144 haimo kwenye orodha, rudi NVIDIA Control Panel, nenda Change resolution, bonyeza Customize, tengeneza 1280x960 yenye 144 Hz, ijaribu, kisha fungua gemu upya.

Na kama gemu yako ni Valorant, usijisumbue kwa sababu ya upana wa maadui. Kule kinachovutika ni alama ya kulengea na maandishi ya pembeni, miili ya maadui inabaki na umbo lake.