Majani maradufu, mpunga maradufu?

"Mpunga wangu wa Cheju nikiuzidishia urea, majani yakawa maradufu, mavuno nayo si yatakuwa maradufu?"

La, shekhe wangu, majani ya juu huyatilia kivuli ya chini. Eneo la majani likiwa mara 3 ya eneo la ardhi, hunaswa kama 78% ya mwanga. Likifika mara 6, ni 95%. Hesabu yake ni hii, LAI ikiwa ni hiyo idadi ya mara:

`1 - exp(-0.5*LAI)`

Tuchukue megajuli 9 za mwanga unaofaa kwa siku kwenye mita moja ya mraba, na gramu 2 za mmea kwa kila megajuli iliyonaswa: unatoka gramu 14 hadi 17 tu. Tena huo ni mmea mzima, si punje.

Anayekwambia "tia urea tu" ana haki pale udongo unapoonekana bado katikati ya mistari. Hiyo 0.5 ya kwenye hesabu, kipimo cha jinsi majani yanavyozuia mwanga, nayo hupanda majani yakilala, hushuka yakisimama. Kwa mbegu yako siwezi kukuapia.