Yai lenye kidoa cha damu kwenye kiini: linalika, ila litazame kwanza

"Habari zenu wakuu. Nimenunua mayai ya kienyeji hapa Tanga, nimevunja moja nimkaangie mtoto nikakuta kidoa cha damu juu ya kiini, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Mama mkwe anasema nitupe, eti lilishaanza kuwa kifaranga. Linalika kweli?"

Dada, linalika. Kama ni kidoa kimoja kilichotulia juu ya kiini, ute ni safi na yai halinuki, likaange hadi liive na mpe mtoto. Ukiona kinakukera, kitoe kwa ncha ya kisu au kijiko. Kukitoa ni kwa ajili ya macho tu, maana kubaki kwake hakumdhuru mtu.

Nafuga kuku wa mayai huku Pongwe na mayai yangu yanashuka mjini kila wiki, kwa hiyo swali hili naulizwa na wateja mara kwa mara. Wengi husema hilohilo la mama mkwe wako. Mimi sisemi amekosea moja kwa moja, kwa sababu kuna yai ambalo maneno yake yanalihusu kabisa, na yai hilo hupatikana zaidi kwenye mayai ya kienyeji. Kazi ni kujua lipi ni lipi.

Kwanza kidoa chenyewe kinatoka wapi. Ndani ya mtetea, kila kiini hukua kwenye kifuko chake chembamba kilichozungukwa na vimishipa vya damu, kwa sababu damu ndiyo inayoleta chakula cha kukijaza. Kiini kikikomaa, kifuko hupasuka na kukiachia. Kwa kawaida hupasukia kwenye mstari ambao hauna mishipa, kwa hiyo hakuna damu inayotoka. Ikitokea kimshipa kikakatika wakati huo, tone hudondokea kwenye kiini na kuganda pale. Baada ya hapo kiini husafiri kwenye mrija wa uzazi kwa muda wa siku moja hivi, kikivikwa ute, kisha utando, mwisho ganda. Kwa hiyo tone limefungiwa ndani kabla ganda halijakuwepo. Halikuingia kutoka nje na si dalili ya kuoza.

Na jogoo hahusiki hapo. Bandani kwangu hakuna jogoo hata mmoja, kama ilivyo kwa wafugaji wengi wa kuku wa kisasa wa mayai, na bado vidoa vinatokea. Yai lisilo na mbegu ya jogoo haliwezi kuwa kifaranga hata uliweke kwenye joto mwezi mzima.

Sasa tuje kwenye ya kwako ya kienyeji, maana huko jogoo wapo. Ukivunja yai lolote, tazama vizuri juu ya kiini utaona kialama cheupe kidogo. Hicho kipo kwenye kila yai. Kwenye yai lisilo na mbegu kinakuwa kidogo, cheupe kote, kingo zake hazijanyooka. Kwenye yai lenye mbegu kinakuwa kikubwa kidogo, na ukikisogelea utaona kimeumbika kama duara lenye duara ndani yake. Hata hilo la pili linalika bila wasiwasi, na wengi tumekula mayai ya namna hiyo tangu utotoni. Damu haipo hapo bado. Damu huja yai likipata joto la kuatamiwa, kama digrii 37 na nusu, kwa siku mbili tatu mfululizo. Hapo kwenye kile kialama cheupe huanza kutambaa vimishipa vyekundu vilivyotawanyika kama mizizi, na kufikia siku ya nne unaweza kuona na kidoa cheusi cha jicho. Kijusi kikifa katika siku hizo za mwanzo, damu hujikusanya pembeni na kuacha pete nyekundu juu ya kiini.

Hiyo ndiyo tofauti ya kuishika. Tone lililokaa peke yake, lenye kingo zake, mara nyingi jekundu au la kahawia, ambalo ukiligusa kwa kijiko linahama au kunyanyuka, hilo ni la kimshipa kilichokatika. Mtandao wa nyuzi nyekundu unaotoka sehemu moja na kusambaa, au pete, hiyo ni kazi ya kuatamiwa, na yai hilo litupe. Si kwamba lina sumu. Ni kwamba limekaa kwenye joto kali siku kadhaa, na kama kijusi kimekufa ndani, hapo vijidudu hupata nafasi nzuri ya kuzaana. Mama mkwe wako bila shaka ameshaona mayai ya hivyo, kwa sababu kuku wa kienyeji hutagia popote, chini ya uvungu, kwenye kichaka cha minyaa, na mwenye kuku anaweza kuokota kiota kizima ambacho koo ameshakilalia siku mbili bila yeye kujua. Yanachanganywa na mengine, yanafika sokoni.

Na joto letu la Tanga lenyewe linachangia. Miezi ya kaskazi chumba hufika digrii 30 na zaidi, na yai lenye mbegu huanza kubadilika kidogokidogo hata likiwa halina kuku juu yake. Haliendi mbali kwa joto hilo, huishia njiani, lakini ute hulegea na yai huchakaa upesi. Kwa hiyo mayai ya kienyeji usiyaache juu ya kabati karibu na jiko. Kama una friji yaweke humo, kama huna tafuta kona yenye ubaridi na uyatumie ndani ya siku chache.

Kuna rangi nyingine ambazo nisingekuambia utoe kwa kijiko. Ute wote ukiwa wa waridi au wenye damu iliyochanganyika kila mahali, au una ukijani unaong'aa, au mweusi, tupa. Mayai viza yenyewe hayahitaji mwongozo, pua itakuambia. Ndiyo maana nasisitiza kuvunja kila yai kwenye kikombe kwanza kabla ya kulimimina kwenye bakuli lenye mengine. Anayepika mkate wa mayai wa trei nzima anaweza kupoteza yote kwa yai moja.

Kinachomdhuru mtoto hasa ni kitu ambacho huwezi kukiona: salmonela. Hiyo inaweza kuwa kwenye kinyesi kilichogandia ganda au ndani ya yai lenyewe, na yai likawa zuri kwa macho, kiini cha njano safi, bila tone lolote. Kidoa cha damu hakiongezi wala kupunguza hatari hiyo. Dawa yake ni moto. Yai la mtoto mdogo, la mjamzito na la mgonjwa liive hadi ute na kiini vyote vigande. Lile la kukaanga ambalo kiini bado kinachuruzika, mtoto asile, liwe na kidoa au lisiwe nacho. Na mkono ulioshika ganda chafu uoshwe kwa sabuni kabla ya kushika sahani yake.

Wengine watauliza kuhusu halali na haramu, maana damu kwetu ni jambo zito. Hilo mpelekee sheikh wako, mimi najibu la afya. Nyumbani kwangu tunakitoa kile kidoa kisha tunapika.

Nigusie na upande wa wauzaji, kwa sababu kama trei moja inakupa kidoa kimoja, hiyo ni kawaida, lakini ukikuta katika trei ya mayai 30 yapo matatu au manne, na wiki inayofuata ni hivyohivyo, basi kuna jambo kwenye banda. Jirani yangu yalimfika hayo. Mteja wake anayeoka keki mjini alirudisha trei. Tulikaa usiku tukazima taa, tukaweka tochi ya simu kwenye upande butu wa yai moja moja tukilizungusha. Kidoa huonekana kama kivuli kinachoelea pamoja na kiini. Ganda jeupe halikufichi kitu, ila la kahawia ni gumu kusoma, ndiyo maana mayai ya kahawia huwafikia wanunuzi na vidoa zaidi.

Tulipoangalia chakula, alikuwa anachanganyiwa na mtu wa mashine: mahindi meupe, pumba, mashudu, dagaa. Viini vilikuwa vimepauka kabisa. Mahindi meupe hayana ile rangi ya njano ambayo mwili wa kuku huigeuza kuwa vitamini A, na kuku aliyepungukiwa vitamini hiyo hutoa vidoa vya damu zaidi. Premiksi, yaani unga wa vitamini na madini unaochanganywa kwenye chakula cha kuku, ndiyo ilitakiwa kuziba pengo, lakini mfuko wake ulikuwa umefunguliwa zamani na kuwekwa chini ya bati, na vitamini A huharibika kwa joto na hewa. Juu ya hayo mbwa walikuwa wanazunguka banda usiku na kuku wanashtuka na kurukaruka, nako kushtuka kunasababisha vimishipa kukatika.

Alinunua premiksi mpya, akaanza kuwatundikia mchicha na majani ya lusina, akaziba upande wa mbwa. Vidoa havikukatika kesho yake. Kiini hujazwa kwa siku kama kumi kabla hakijaachiwa, kwa hiyo chakula kizuri cha leo utakiona kwenye mayai ya wiki ijayo na kuendelea. Baada ya wiki kadhaa malalamiko yaliisha. Sikuambii lipi lilisaidia zaidi, chakula au utulivu, kwa sababu alivirekebisha vyote kwa pamoja. Vilevile kuna kuku ambao wamezaliwa hivyo, hutoa vidoa maisha yao yote hata uwalishe nini, na mayai yao yanalika kama mengine.

Kwa hiyo hilo lako, dada, kama bado lipo kwenye kikombe: lisogeze dirishani uone kama ni tone au ni nyuzi. Kama ni tone, washa jiko. Na ukirudi kwa aliyekuuzia, muulize anayaokota mara ngapi kwa siku na kama kuna koo anayelalia katika viota anavyookota. Anayeokota asubuhi na jioni, nunua kwake. Akisema anakusanya mpaka trei ijae, hayo yapime kwa tochi hapohapo, au nenda kwa mwingine.