Sungura mweupe wa Mombasa: usiiamini rangi

Mwezi wa Februari, joto la kaskazi likiwa limekaza, jirani yangu wa hapa Kisauni alinitumia picha ya sungura aliyemnunulia mwanawe. Muuzaji alimwambia ni kibeti wa Uholanzi, hatakua zaidi ya alivyo. Katika picha nikaona kitoto cheupe cha wiki sita, macho mekundu, kichwa kimeviringana. Jirani akaniuliza, "Mwalimu, kweli huyu atabaki mdogo? Maana kizimba nilichonacho ni kile cha kuku wawili."

Mimi nafuga sungura miaka mingi, na watu huniletea picha kama hizo kila mara. Karibu wote huanza na rangi. Kwa sungura mweupe wa hapa pwani, rangi ndiyo naiangalia mwisho.

Nilimwomba kwanza apige picha upya. Ile ya kwanza aliipiga simu ikiwa karibu na pua ya sungura, na picha ya namna hiyo hukuza uso na kufanya masikio na mwili vionekane vifupi. Kila sungura hapo hugeuka kibeti. Nikamwambia amweke sakafuni penye mwanga wa mchana, asitumie tochi ya simu kwa sababu humulika macho yakawa mekundu hata kama si mekundu, arudi nyuma hatua mbili, ashushe simu hadi usawa wa sungura, ampige ubavuni. Halafu picha ya sikio likiwa na rula pembeni, na moja ya kucha. Mwisho ampime kwa mizani ya jikoni, ndani ya beseni.

Rula ilisema sentimita nane na nusu. Kibeti wa Uholanzi, hata akishakuwa mzima, sikio lake hucheza kwenye sentimita tano. Huyu wa wiki sita alikuwa ameshampita. Mizani ikasema gramu 950, na kibeti aliyekomaa hazidi kilo moja na kidogo. Nyayo za nyuma nazo zilikuwa ndefu, za mnyama ambaye bado mwili unamngoja. Ukibeti ukaishia hapo.

Ikabaki kujua ni aina gani ya wale wakubwa. Jirani alishaamua ni Nyuzilandi mweupe, kwa kuwa hakuona doa lolote. Mimi nilikuza picha ya pua nikaona kivuli cha kijivu, kama mtu amegusa kwa kidole chenye majivu. Kucha nazo zilikuwa nyeusi-nyeusi, ilhali za Nyuzilandi mweupe huwa hazina rangi. Hizo ni dalili za Kalifonia, yule mweupe mwenye pua, masikio, miguu na mkia mweusi.

Weusi wake uko wapi basi? Umefichwa na joto. Kalifonia ana kimeng'enya cha kutengeneza rangi kinachofanya kazi pale ngozi ilipo baridi tu, ndiyo maana weusi hukaa kwenye ncha za mwili. Vitoto huzaliwa weupe kwa kuwa tumboni mwa mama ni joto kila mahali. Akikulia kaskazi ya Mombasa, hata masikio hayapoi vya kutosha, na nywele zinazoota hutoka hafifu. Ukimnyoa mgongoni wakati wa baridi, nywele mpya zinaweza kuota nyeusi hapo hapo. Simbilisi wa aina ya Himalaya naye ana tabia hiyo hiyo.

Yupo pia sungura wa Himalaya mwenye madoa ya mahali pale pale, na huyu huchanganya hata wafugaji. Mtazame umbo: Himalaya ni mdogo, mwembamba, amenyooka kama bomba kutoka mabegani hadi mkiani. Kalifonia ana mabega mapana na makalio yaliyojaa, yameviringana. Picha ya ubavuni inatosha kuwatenganisha wakishakua.

Lakini sikumwandikia jirani kwamba ni Kalifonia safi. Kalifonia akipandana na Nyuzilandi mweupe, watoto hutoka na madoa hafifu vilevile, na picha haiwezi kukwambia kama uhafifu umetokana na joto au na mzazi mmoja. Bila kuwaona wazazi, nilimwambia hivi: "Ana umbo na alama za Kalifonia. Mtengee kizimba cha mnyama wa kilo nne, na unitumie picha nyingine kusi ikishaingia."

Mwisho wa Julai picha ikaja. Ameshabadili manyoya. Pua imekuwa nyeusi kama masizi ya chungu, masikio yamekolea hadi shinani, na mizani ilikuwa kwenye kilo 3.9. Nyuma yake kilionekana kizimba kipya cha mbao, bado hakijapakwa rangi.